Mfuko wa maisha kwa mtoto atakayetegemea familia daima: mwongozo kwa wazazi wa Uganda

Mzazi wa kawaida anawekeza ili mtoto asome, kisha mtoto anashika njia yake. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa ana hesabu nyingine kabisa. Pesa zake zinatakiwa zianze kufanya kazi siku atakayofariki, ziendelee kwa miaka 30 au 40, na zitumiwe na watu wengine kwa niaba ya mtu asiyeweza kuuliza zimekwenda wapi. Ndiyo maana swali la "niwekeze wapi nipate faida kubwa" ni la tatu, wala si la kwanza. La kwanza ni kiasi gani kinahitajika, na la pili ni nani atashika kalamu ya kusaini.

Nitatumia familia moja ya mfano tuifuate hadi mwisho. Wanaishi Arua. Baba ana miaka 44 na anaendesha lori. Mama ana miaka 40 na anauza nguo sokoni. Kijana wao ana miaka 14 na ana mtindio wa ubongo: hatembei, anapata kifafa, anaelewa mengi lakini hawezi kuishi bila mtu wa kumhudumia. Ana dada wawili wadogo. Mpango wa familia hadi leo ni ule ule wa familia nyingi: "dada zake watamwangalia."

Hatua ya kwanza: pata gharama ya mwezi mmoja bila ninyi

Usihesabu mnachotumia sasa. Hesabu kitakachotumika mama akiwa hayupo, kwa sababu leo mama ndiye muuguzi, mpishi na mlinzi wa usiku, na hakuna anayemlipa. Chukua daftari, andika kila kitu kwa miezi mitatu, kisha ongeza mshahara wa mlezi.

Kwa kijana wetu imekuja hivi, kwa mwezi: mlezi wa kulala nyumbani shilingi 250,000, chakula 150,000, pampasi 120,000, nauli ya hospitali na mazoezi ya viungo 70,000, dawa za kifafa 60,000, nguo, sabuni na matengenezo ya kiti cha magurudumu 50,000. Jumla 700,000, yaani milioni 8.4 kwa mwaka. Kodi ya nyumba haimo, kwa kuwa atabaki kwenye nyumba ya familia. Kama ninyi mnapanga, iongeze.

Msitegemee serikali kujaza pengo hili. Wazee wa miaka 80 na kuendelea wanapata 25,000 kwa mwezi kupitia mpango wa SAGE, lakini hakuna posho ya namna hiyo ya kila mwezi kwa mtu binafsi mwenye ulemavu. Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu inatolewa kwa vikundi vya miradi. Chukueni ikipatikana, ila msiiweke kwenye hesabu ya maisha.

Hatua ya pili: geuza gharama iwe mtaji

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani kwa miaka kumi ya mwanzo. Mtu ana milioni 100 kwenye hatifungani za serikali, yaani bondi, zinazolipa riba ya asilimia 15. Kodi ya zuio inakatwa asilimia 10, anabaki na milioni 13.5 kwa mwaka. Anaona mtoto ana 13.5 za kutumia. Hana. Bei zikipanda kwa asilimia 5, kiwango ambacho Benki Kuu ya Uganda imejiwekea kama shabaha, basi milioni 5 kati ya hizo lazima zirudishwe kwenye mtaji ili mwakani mtaji uweze kununua kile kile. Cha kutumia ni milioni 8.5 tu. Anayekula zote 13.5 hataona shida mwanzoni, lakini baada ya miaka 14 hivi kila shilingi ya mtaji huo itanunua nusu ya kile iliyonunua siku ya kwanza.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: chukua riba baada ya kodi, toa mfumuko wa bei, kinachobaki ndicho kinachoweza kumlisha mtoto. Kwa mfano wetu kinabaki 8.5. Lakini riba ya asilimia 15 haitadumu miaka 40, kwa hiyo mimi hushusha hadi 6 kwa tahadhari. Gawanya milioni 8.4 kwa 0.06, unapata milioni 140, kwa thamani ya shilingi ya leo. Hicho ndicho kipimo cha familia hii. Ukitumia 5 badala ya 6 unapata milioni 168. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kulala usingizi, na kila familia iamue yenyewe.

Milioni 140 inatisha ukiitazama kwa mkupuo. Tuseme familia ina miaka 25 ya kuijenga. Kwa faida ile ile ya 6 juu ya mfumuko, wanahitaji kuweka takriban milioni 2.55 kwa mwaka, yaani kama 213,000 kwa mwezi, na kiasi hicho lazima kipande kila mwaka pamoja na bei za vitu. Wakisubiri miaka kumi kwanza, wabaki na 15, watahitaji kama 500,000 kwa mwezi kufikia pale pale. Sioni hoja nyingine inayoshinda hiyo kwa mzazi anayesema ataanza akimaliza kujenga.

Hatua ya tatu: ziba pengo la kufa mapema

Baba akifariki mwaka wa kumi, mfuko utakuwa na kama milioni 34 za leo. Zinazokosekana ni zaidi ya milioni 100. Pengo hili huzibwa na bima ya maisha ya muda maalumu, ile isiyokuwa na akiba ndani yake: unalipa ada kila mwaka, ukifa ndani ya muda kampuni inalipa kiasi mlichokubaliana, ukiishi hupati kitu. Watu wengi hawaipendi kwa sababu hiyo ya mwisho, na mawakala huwauzia bima yenye akiba ndani. Ada ya hiyo ya pili ni kubwa zaidi kwa kinga ile ile. Kwa familia hii, anza na kinga ya milioni 140 kwa kila mzazi, kisha ipunguze kadiri mfuko unavyokua. Kinga ya mama isiachwe eti kwa sababu kipato chake ni kidogo: akifa yeye, gharama ya mlezi inaanza kesho yake asubuhi.

Baba au mama aliyeajiriwa rasmi ana pia NSSF, asilimia 5 kutoka mshahara wake na 10 kutoka kwa mwajiri. Akifa, mafao ya warithi hulipwa kwa mkupuo. Mkupuo huo ukifika mikononi mwa ukoo bila mpango, hauchukui muda kwisha.

Hatua ya nne: nunua vitu vinavyolipa bila kusimamiwa

Shamba halimlishi mtu asiyeweza kulima wala kumfuatilia anayelilima. Nalisema hili nikijua jinsi tulivyo na ardhi. Kiwanja kisichoingiza pesa hakimnunulii mtoto dawa, na kiwanja cha mtu asiyeweza kujitetea ndicho cha kwanza kuingiliwa na jirani.

Kinachofaa kuwa moyo wa mfuko ni hatifungani za serikali za muda mrefu, kwa sababu moja ya kawaida sana: zinalipa zenyewe. Riba inaingia benki kila miezi sita bila mtu kumfuata mpangaji wala kumbembeleza mnunuzi wa mahindi. Miongoni mwake zipo za miaka 2, 3, 5, 10, 15 na 20. Hizi fupi zinakatwa kodi ya asilimia 20 kwenye riba. Za miaka 10 na zaidi zinakatwa 10. Kwa riba ya 15, hiyo ni tofauti ya kubaki na 12 au 13.5, na kwa mfuko wa miaka 40 tofauti hiyo ni kubwa.

Utaratibu wake ni huu. Nenda kwenye benki yako ya biashara na kitambulisho cha taifa, uombe kufunguliwa akaunti ya CSD. Hii ndiyo sajili ya Benki Kuu inayoonyesha nani anamiliki hatifungani ipi. Benki Kuu hutangaza kalenda ya minada. Kabla ya mnada unajaza fomu benki ukichagua njia isiyo ya ushindani, ambayo mnunuzi mdogo anakubali bei itakayotokana na mnada. Kianzio ni 100,000. Baada ya mnada pesa zinatolewa kwenye akaunti yako, na wewe unadai taarifa ya CSD yenye jina lako. Kama mtu "amekununulia bondi" na hawezi kukuonyesha taarifa hiyo, huna bondi.

Shilingi 213,000 za kila mwezi hazihitaji kukimbizwa mnadani kila mara. Ziweke kwanza kwenye mfuko wa pamoja wa soko la fedha, unaoendeshwa na meneja mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kila zinapofika milioni moja na kitu, hamisha ununue hatifungani. Changanya za miaka 10, 15 na 20 ili zisiive zote mwaka mmoja. Zikiiva zote mwaka ambao riba imeshuka hadi 9, wadhamini, yaani watu watakaosimamia mfuko kwa niaba ya mtoto, watalazimika kurudisha mtaji wote kwa bei hiyo mbaya.

Udhaifu wa hatifungani uko sehemu mbili. Ukiuza kabla ya muda, bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, hasa kama riba sokoni imepanda. Na yote ni ahadi ya mkopaji mmoja, serikali. Ndiyo maana sipendi mfuko wote uwe huko. Theluthi moja kwenye vyumba vya kupangisha karibu na nyumbani inasaidia, kwa kuwa kodi ya pango hupanda na bei. Kumbukeni URA inamtoza mtu binafsi asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi 2,820,000 kwa mwaka, na hesabuni chumba kimoja kitupu kila mara. Kwa familia za Kiislamu zinazokwepa riba, sehemu ya vyumba vya kupangisha ndiyo itabeba uzito mkubwa, na kwa hiyo lazima pia pawe na mtu wa kuisimamia anayelipwa.

SACCO ya kazini au ya mtaani ni nzuri kwa mkopo wa haraka. Isiwe ghala la mfuko huu. Mfuko wa Ulinzi wa Amana unalinda hadi milioni 10 kwa kila mweka akiba katika kila taasisi inayohusika, kama vile benki, SACCO haimo.

Hatua ya tano: usiandike mali kwa jina la mtoto

Hii ndiyo hatua inayoamua kama nyingine zote zitafanya kazi, na ndiyo inayorukwa.

Mzazi mwenye mapenzi hununua kiwanja na kuandika hati kwa jina la mtoto, akidhani amemlinda. Mtoto akifika miaka 18, sheria inamwona mtu mzima. Kama hawezi kuelewa anachosaini, hakuna anayeweza kupangisha, kuuza au hata kuchukua mkopo wa kukarabati, mpaka mtu aende Mahakama Kuu kuomba ateuliwe kusimamia mali ya mtu asiye na uwezo wa kuamua. Inawezekana, lakini inataka wakili, ripoti ya daktari na muda, na familia nyingi hugundua hayo mtoto akiwa tayari anahitaji pesa.

Ukiacha kila kitu kwa jina lako, nako kuna ukuta. Siku unapofariki akaunti yako na CSD yako vinakuwa mirathi. Kama hukutaja msimamizi kwenye wosia, warithi wanahitaji kwenda kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, wapate barua ya kutokuwa na pingamizi, kisha mahakama itoe hati ya usimamizi. Familia ikielewana ni miezi. Isipoelewana ni miaka, na pampasi hazisubiri.

Na kama hukuacha wosia? Sheria ya Mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 imejaribu. Inataka asilimia 20 ya mali ishikwe kwa ajili ya elimu na matunzo ya watoto wadogo, wale wa miaka 18 hadi 25 wanaosoma na hawajaoa au kuolewa, na wenye ulemavu ambao hawana ndoa na walikuwa wakimtegemea marehemu kabisa. Ni ulinzi mzuri kuliko wa zamani, lakini piga hesabu. Mali ya milioni 200 inatoa milioni 40, na kijana wetu anagawana hizo na dada zake wawili wanaosoma. Mahitaji yake peke yake yalikuwa 140.

Suluhisho ni amana ya familia: mali inamilikiwa na wadhamini, kwa masharti ya maandishi, kwa faida ya mtoto. Uganda ina sheria inayoruhusu wadhamini kusajiliwa kama chombo kimoja kinachoweza kumiliki ardhi na akaunti kwa jina lake. Mdhamini mmoja akifa, mali haihami, anaongezwa mwingine. Hatifungani mpya zinunuliwe kwa jina la amana, na bima imtaje amana kama mnufaika badala ya mtoto. Wakili ataandika hati. Msiichukue kutoka kwa rafiki na kubadilisha majina.

Mambo yafuatayo nayataka katika hati yoyote ninayoisoma. Wadhamini watatu: mmoja upande wa baba, mmoja upande wa mama, na wa tatu asiye ndugu, kwa mfano mhasibu. Saini mbili kati ya tatu kwa kila malipo. Kiasi cha kutumia kwa mwaka kimeandikwa kama sehemu ya mtaji, kile kile cha 6 kwa mia, ili asije mtu akala riba yote kama tulivyoona. Na anayemwosha na kumlisha mtoto asiwe ndiye anayeshika pesa. Mlezi akiwa pia mweka hazina, hakuna wa kugundua kwamba dawa zimeacha kununuliwa.

Kuna kifungu kimoja ambacho wanasheria wengi hukiandika kwa haraka: mali iende kwa nani mtoto akifariki. Ukisema ibaki kwa dada anayeishi naye, umempa mlezi faida ya pesa katika kifo cha anayemlea. Sisemi dada ni mbaya. Nasema usimweke mtu yeyote kwenye hali hiyo. Mlipe mlezi vizuri kila mwezi, ongeza malipo kila mwaka anaokaa, na kitakachobaki mwishoni kigawanywe sawa kwa ndugu wote na watoto wao.

Wosia nao uandikwe, wa kuelekeza mali iliyobaki nje iingie kwenye amana na kutaja mlezi wa mtoto. Utiwe saini mbele ya mashahidi wawili ambao nao watasaini, na asiyepaswa kushuhudia ni yule anayerithi kitu humo, au mume au mke wake, kwa kuwa anaweza kupoteza alichoachiwa.

Hatua ya sita: pesa za siku 180 za kwanza, na barua ya malezi

Hata amana iliyopangwa vizuri huchukua muda kuamka. Weka gharama za miezi sita, kwa familia hii milioni 4.2, kwenye akaunti ya benki iliyo kwa jina la amana ya familia au mfuko wa soko la fedha, ambapo saini mbili zinaweza kuzitoa wiki ile ile ya msiba. Isiwe akaunti ya marehemu, wala simu ya marehemu. Namba ya siri ya simu hufa na mwenye nayo.

Barua ya malezi haina nguvu ya kisheria, lakini ndiyo itakayosomwa zaidi. Andika jina la dawa na kipimo, dawa iliyowahi kumdhuru, jinsi anavyoonyesha maumivu kama hasemi, chakula kinachomkaba, namna ya kumgeuza usiku asipate vidonda, hospitali yenye faili lake, na ndugu gani asiachwe naye peke yake. Hilo la mwisho wazazi huogopa kuliandika. Liandike, umkabidhi mdhamini kwenye bahasha.

Hatua ya saba: ijaribu mkiwa hai

Mfuko ukifikisha hata milioni kumi, waachieni wadhamini walipe kitu kimoja halisi kila mwezi, tuseme nguo, sabuni na matengenezo ya kiti, shilingi 50,000, kutoka kwenye riba. Walete risiti. Mara moja kwa mwaka kaeni nao wote watatu, dada wa mtoto wakiwepo wakifika umri, mpitie taarifa ya CSD, mpandishe gharama kulingana na bei mpya, mpandishe na akiba yenu.

Mtajua mapema nani anafaa. Mdhamini ambaye simu yake haipokelewi mnapoomba risiti, au anayesema "mama, kwani huniamini?", au anayependekeza kwamba pesa zikopeshwe kidogo kwa biashara ya mtu kwa sababu italipa zaidi ya bondi, mbadilisheni mwaka huo huo, maana saini ya kumwondoa bado ni yenu.